Nguzo ya Holme: Kinachotokea Kinamasi Kinapokaushwa

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata)



Mashariki mwa Uingereza, mahali paitwapo Holme, imesimama nguzo ya chuma ambayo kila mgeni hudhani ilijengwa ili ionekane kwa mbali. Haikujengwa kwa ajili hiyo. Ilichimbiwa ardhini mwaka 1851 hata kichwa chake kikawa sawasawa na uso wa udongo. Leo kichwa hicho kiko juu ya ardhi kwa takriban mita 4. Nguzo haikupanda, kwa sababu kitako chake kilishindiliwa katika udongo mgumu wa mfinyanzi chini kabisa. Ardhi ndiyo iliyoshuka.

Wakati huo palikuwa na ziwa la kina kifupi lililoitwa Whittlesey Mere, lililozungukwa na vinamasi. Wenye ardhi waliamua kulikausha wapate mashamba, wakachimba mifereji na kufunga pampu ya mvuke. Walijua kwamba udongo wa pale ungeshuka, na ndiyo maana waliweka nguzo ya kupimia. Katika miaka kumi ya mwanzo ulishuka zaidi ya mita moja, kisha ukaendelea polepole. Basi swali la kuulizwa ni hili: udongo huo ulikwenda wapi?

Sehemu yake haikwenda popote. Udongo uliokuwa umejaa maji ulipokaushwa ulijibana, kama sifongo iliyokamuliwa, na hilo ndilo linaloeleza kasi ya miaka ya mwanzo. Lakini sehemu kubwa ya kilichopotea baadaye iligeuka kuwa hewa.

Ili kuelewa jambo hilo, yafaa kutazama udongo wenyewe. Udongo wa mboji wa vinamasini si mchanga wala si mfinyanzi. Ni mabaki ya mafunjo, matete, majani na mizizi yaliyokufa yakazama majini. Vijidudu vinavyoozesha mimea vinahitaji oksijeni, na ndani ya maji yaliyotuama oksijeni ni kidogo mno. Kwa hiyo mimea hufa upesi kuliko inavyooza, na mabaki hurundikana kwa kadiri ya milimita moja hivi kwa mwaka. Mita moja ya mboji ni kazi ya takriban miaka elfu moja. Ndani yake imo kaboni ambayo mimea ya vizazi vingi iliitwaa kutoka angani. Maeneo ya namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini kaboni iliyomo ndani yake inazidi ile iliyomo katika miti na mimea ya misitu yote ya dunia.

Mfereji unapochimbwa, kiwango cha maji hushuka, hewa huingia penye nafasi ya maji, na vijidudu huanza kazi iliyokuwa imesimama kwa maelfu ya miaka. Kaboni huungana na oksijeni na kupaa ikiwa hewa ukaa. Pamoja nayo hutoka pia gesi ya naitrasi oksaidi, inayotokana na nitrojeni iliyokuwa imefungwa katika mabaki hayo. Zote mbili ni gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto la dunia lisitoke.

Hesabu yake si ngumu. Chukua hekta moja iliyokaushwa, na tuseme sentimita moja ya mboji imeoza kabisa. Hizo ni mita za ujazo 100. Tukichukua kwamba kila mita ya ujazo ina kilo 120 za mboji kavu, tunapata tani 12, na karibu nusu yake ni kaboni, yaani tani 6. Kila tani 12 za kaboni zikiungana na oksijeni hutoa tani 44 za hewa ukaa. Hivyo tani 6 hutoa tani 22. Hiyo ni sawa na hewa ukaa itokayo katika kuchoma takriban lita 9,500 za petroli, nayo imetoka katika shamba moja ambalo halikuchomwa moto wala kupitishwa trekta. Katika nchi za joto kuoza huenda kwa kasi zaidi, na shamba la mazao lililokaushwa laweza kutoa zaidi ya maradufu ya kiasi hicho kwa mwaka. Tena hutoa kila mwaka, hadi mboji iishe au maji yarudishwe.

Karibu zaidi na kwetu, kaskazini mwa Rwanda, kipo kinamasi cha Rugezi chenye mboji nyingi, ambacho maji yake huingia ziwa Burera na kuendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Sehemu zake zilichimbwa mitaro kwa ajili ya kilimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya ziwa yalishuka mno na umeme wa Ntaruka ukapungua vibaya. Si haki kukilaumu kinamasi peke yake, kwa kuwa mvua nazo zilikuwa haba na mitambo yenyewe ilikuwa na kasoro. Hata hivyo serikali ilisimamisha kilimo ndani ya Rugezi, mimea ikaachwa irudi, na maji yakapanda tena. Wakulima waliotolewa walipata hasara iliyo wazi, na jambo hilo halipaswi kufichwa anapoulizwa mtu faida ya kazi ile.

Si kila kinamasi kina mboji. Bonde linalofurika kila masika na kuachiwa tope la mto mara nyingi lina mfinyanzi, na hesabu iliyotolewa hapo juu hailihusu. Njia ya kutambua ni kuchimba kwa jembe hadi chini ya mizizi hai. Mboji ni nyeusi au kahawia, ukiikamua mkononi hutoa maji ya rangi ya chai, nyuzi za mimea huonekana ndani yake, na ikikauka huwa nyepesi na hushika moto. Hapo ndipo penye hatari nyingine: moto ukiingia katika mboji kavu hutambaa chini ya ardhi kwa majuma, bila miali, na maji ya ndoo hauyasikii. Dalili za ardhi inayoshuka ni mizizi ya miti inayobaki wazi na mfereji unaohitaji kuchimbwa upya kila baada ya miaka michache. Anayetaka uhakika ashindilie bomba la chuma hadi udongo mgumu, atie alama usawa wa ardhi, na apime kila mwaka mwezi uleule.

Kuziba mitaro hakumlazimu mkulima kuacha shamba lote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila sentimita 10 ambazo maji yanapandishwa karibu na uso wa ardhi hupunguza angalau tani 3 za gesijoto kwa hekta kwa mwaka, mpaka maji yafikie kama sentimita 30 chini ya uso. Zaidi ya hapo kupungua huendelea, lakini gesi ya methani huanza kuongezeka, kwa kuwa hiyo hutengenezwa pasipo na oksijeni. Methani hudumu angani kama miaka kumi na kidogo, ilhali hewa ukaa hudumu karne nyingi. Ndiyo maana kurudisha maji bado kuna faida. Vizuizi vya mambo na udongo uleule wa mboji vijengwe vingi, vifupi na vya karibu karibu kufuata mteremko, kuanzia upande wa juu, kwa kuwa kizuizi kimoja kirefu hubomolewa na mvua kubwa ya kwanza.