Kumsalimu Jirani Ng'ambo ya Ua, na Kuachana Naye kwa Heshima

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo litokealo kila asubuhi katika vijiji vya Mbeya na Iringa. Mtu apita njiani, amwona jirani yake ndani ya ua, wasalimiana, kisha kila mmoja ashika kazi yake. Kuanza si kazi. Kumaliza ndiko kwenye mashaka, maana ukikata maneno ghafula, jirani hubaki akijiuliza, "Nimemkosea nini huyu?"

Kwa desturi apitaye ndiye aanzaye, na aliye mdogo hutoa shikamoo. Huko Iringa, kwa Wahehe, utasikia "Kamwene." Rungwe, kwa Wanyakyusa, utaulizwa "Ugonile?" yaani umelala, nawe utajibu "Ndaga," neno ambalo pia ni shukrani. Lakini majirani wa makabila mbalimbali husalimiana kwa Kiswahili, na mfano wetu ni wa hao.

Kijana wa Uyole, katika jiji la Mbeya, anakwenda kupanda basi. Ng'ambo ya ua wa mabingobingo yuko mama jirani, anapalilia viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Pole na kazi."

"Asante, nimekwisha poa. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Baba naye, habari zake?"

"Njema."

"Haya, mama. Nawahi basi la mjini."

"Haya, mwanangu. Wasalimie nyumbani."

"Zitafika, mama. Kazi njema."

"Asante. Safari njema."

Angalieni neno hilo "haya." Kijana alipolisema hakuufunga mlango, aliubisha tu. Mwenye kuufunga ni mama, naye aliufunga aliporudisha "haya" yake. Kama angalijibu, "Enhe, na yule mdogo wako je?" basi mazungumzo yangalikuwa bado, na kijana angalipaswa kujibu kwanza, kisha abishe tena. Hata jembe hutoa habari. Mama akiwa ameegemea mpini, anangoja neno. Akiisha kuinama tena kwenye tuta, amekwisha kukuruhusu.

Sababu ya kuondoka nayo ina mahali pake. Hutajwa baada ya habari za watu wa nyumbani, wala si kabla ya shikamoo. Na iwe kitu kisichoweza kungoja: basi, mvua inayokuja, mtoto wa kupelekwa shule. Mtu asemaye tu "Nina haraka" humwonyesha mwenzake kuwa salamu ni mzigo. Tena miguu isitangulie ulimi. Simama mpaka "haya" ya pili isikike. Baada ya hapo waweza kuondoka na kuyasema maneno ya mwisho huku unatembea, umepaza sauti kidogo. Hakuna atakayekuona mkali, kwa kuwa ndivyo watu wote wafanyavyo.

Labda mtu atauliza, "Je, jirani akinikaribisha?" Karibu ya uani mara nyingi ni adabu, na jibu lake ni "Asante, nimekwisha karibia." Lakini akiirudia na kutaja kitu, kama vile huko Iringa wakati wa mvua mtu asemapo, "Karibu, ulanzi upo," huyo anakutaka hasa. Mwambie utakuja lini, nawe uje.

Sasa nimefika mahali ambapo watu wengi huteleza. Kwa desturi yetu mtu hujibu "njema" kwanza, hata akiwa na taabu, taabu hufuata nyuma ya neno "ila." Tuseme yule mama alikuwa akitaka kujibu, "Njema, ila baba hakulala, kifua kinambana." Kijana mwenye pupa husema "Haya, mama" papo hapo baada ya "njema," naye mama humeza maneno yake. Kijana ataketi katika basi asijue kwamba amempita mgonjwa. Kwa hiyo baada ya "njema" nyamaza kadiri ya kuvuta pumzi, ndipo useme lako.

Ukiisikia "ila," "haya" haifai tena. Sema, "Pole sana, mama. Tangu lini?" Sikiliza jibu lake lote, uulize kama amekwisha kupelekwa hospitali. Ikiwa mgonjwa ana mtu wa kumwuguza nawe huna budi kwenda, sema, "Sasa nawahi basi; jioni nitaingia nimwone." Sema "nitaingia," si "nitapita," maana apitaye hubaki nje ya ua. Lakini mama akikuambia kwamba hana mtu wa kumsaidia kumbeba baba, acha basi liende.

Na kama neno lililofuata "ila" ni msiba, usitoe pole ukiwa barabarani. Zunguka mpaka mlangoni, uingie, ukae.