Kupiga Picha Chumbani Usiku kwa Balbu za Bei Nafuu: Tatizo la Taa za Rangi Mbili

Nimeombwa nianze na fasili. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: balbu ya njano ni kama 2700K, ile nyeupe iliyojaa madukani ni 6500K. Kupanga mizani ya weupe, yaani WB, ni kuijulisha kamera iko chini ya mwanga gani ili cheupe kitoke cheupe. Kamera ikiwa 6500K chini ya balbu ya njano, picha inatoka ya rangi ya chungwa. Ikiwa 2700K chini ya balbu nyeupe, inatoka ya bluu. Hayo mnayajua.

Kinachotutesa ni chumba chenye taa mbili. Chukua sebule siku ya posa: darini balbu ya 6500K, pembeni taa ya meza yenye balbu ya 2700K, binti kaketi katikati. Ukipanga 2700K, shavu lililo upande wa meza linatulia, lile jingine linakuwa bluu. Ukipanga 6500K, bluu inaondoka na chungwa linaingia upande wa meza. Ukiiachia AWB, inabadilika kila unaposogeza kamera, na albamu nzima haifanani. RAW nayo haiokoi: inakuruhusu kubadili mizani baadaye, lakini mizani hiyo ni moja kwa picha nzima. Utabaki kupaka uso mmoja mmoja kwa brashi ya kompyuta. Hata hivyo, kila msimu tunaletewa picha za hafla na agizo la "kuzisafisha". Wenye agizo sitawataja.

Dawa iko dukani. Nunua balbu mbili za aina moja, zenye K moja kwenye boksi, uzime nyingine zote, televisheni ikiwemo. Weka kadi ya kijivu au karatasi nyeupe pale uso utakapokuwa, ijaze fremu bila kuungua, ipige, kisha kwenye menyu ya WB iteue iwe kipimo. Njia hii inashinda kuandika K kwa mkono, kwa sababu balbu rahisi nyingi zina ukijani ambao K haiugusi. Ila balbu yenye upungufu wa wekundu itaacha ngozi imefifia hata baada ya kipimo. Hiyo ibadilishwe tu. Na uso usikae karibu na ukuta wa kijani, maana ukuta nao unarusha rangi.

Napendekeza, kwa heshima zote:

Mpiga picha aruhusiwe kuzima taa za ukumbi.

Balbu zinunuliwe kwa kusoma K kwenye boksi.

Kipimo cha WB kichukuliwe upya kila taa ikibadilishwa.

Balbu za njano na nyeupe zisichanganywe.

Waandaaji wamshirikishe mpiga picha kabla ya hafla, si baada yake, hasa katika kuzima taa.