Herufi B kwenye Kadi ya Ulemavu

Msikilizaji unayeishi Ujerumani, kama mzazi wako ana kadi ya ulemavu, ichukue uitazame upande wa mbele. Unatafuta herufi B. Maana yake ni kwamba mwenye kadi ana haki ya kusafiri na msaidizi, na huyo msaidizi halipi nauli.

Tuseme Bi Mwanaisha, asiyeona, anakwenda Berlin na binti yake kutoka Hamburg kwa treni ya mwendokasi, ICE. Bi Mwanaisha anakata tiketi yake kama kawaida. Binti hakati. Wengi hushangaa hapo: mwenye kadi analipa, msaidizi hapana! Lakini ndivyo ilivyo kwenye treni za masafa marefu. Kwenye mabasi na treni za mjini, Bi Mwanaisha naye husafiri bure, mradi kadi yake iwe ya kijani na rangi ya machungwa, na aambatanishe karatasi yenye stempu ya malipo ambayo bado haijaisha muda.

Mkaguzi akipita anaonyeshwa kadi yenyewe. Nakala au picha ya simu usiitegemee. Jina la msaidizi haliandikwi popote, kwa hiyo leo anaweza kwenda binti, kesho jirani.

Ila binti akimfikisha mama Berlin kisha akarudi peke yake, akate tiketi. Asipokata, atahesabiwa amepanda bila nauli, hata akieleza vipi.