Mstari wa Juu ni wa Nani? Mitambo Miwili kwenye Handaki Moja na Mchoro wa Thamani Singula

Mada iliyotolewa kwa mafundi na wahandisi wa udhibiti, Kilole, Korogwe



Hapa Kilole hatuko mbali na Mto Pangani, na mto huo una kituo cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964 kikiwa na mitambo miwili ya megawati 10.5 kila mmoja. Chini zaidi ya Hale iko New Pangani Falls, nayo ina mitambo miwili, ya megawati 34 kila mmoja. Mada yangu imezaliwa na hiyo namba mbili. Mtambo mmoja una geti moja na nguvu moja ya kupima, na mchoro wa kawaida wa ukuzaji na awamu unamtosha fundi. Mitambo miwili inayokunywa maji ya handaki moja ni jambo jingine. Mageti ni mawili na nguvu za kupima ni mbili, na geti la huku linaguswa na geti la kule.

Namba nitakazotumia nimezichagua mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Si vipimo vya Hale wala vya kituo chochote.

Tuanze na maji. Ukifungua geti ghafla, maji yaliyomo ndani ya bomba hayaongezi mwendo papo hapo, kwa sababu ni mazito. Kwa muda mfupi shinikizo mlangoni mwa turbini hushuka, na nguvu hupungua kabla ya kuongezeka. Wanaosimamia gavana wanaijua tabia hii: unaomba zaidi, unapewa pungufu kwanza. Urefu wa kipindi hicho hupimwa kwa muda wa kuanzisha maji, ambao ni urefu wa njia mara mwendo wa maji, ugawanywe kwa mvuto wa dunia mara kimo cha maporomoko. Njia ya mita 230, maji ya mita 3 kwa sekunde na kimo cha mita 70 hutoa takriban sekunde 1. Kwa muda T, uhusiano wa geti na nguvu huandikwa hivi:

```
g(T) = (1 - T s) / (1 + 0.5 T s)
```

Sasa tuseme kila mtambo una bomba lake la sekunde 1, na mabomba yote mawili yanatoka kwenye handaki la pamoja ambalo, likihesabiwa kwa maji ya mtambo mmoja, nalo lina sekunde 1. Mtambo ukifanya kazi peke yake huona sekunde 2, yaani bomba lake na handaki. Mitambo yote miwili ikifunguliwa pamoja, handaki linadaiwa maji maradufu, na kila mtambo huona sekunde 3. Lakini mmoja ukifunguliwa huku mwingine ukifungwa kwa kiasi kilekile, maji ya handaki hayabadiliki hata kidogo. Yanahama tu kutoka bomba hili kwenda lile, na kila mtambo huona sekunde 1 ya bomba lake. Mwenye nyumba yenye mabomba mawili kwenye tawi moja anaijua hesabu hii bila kalamu.

Hiyo ndiyo maana ya mwelekeo. Kuna mwelekeo wa jumla, mageti yakienda pamoja, na mwelekeo wa tofauti, mageti yakipishana. Kwa kuwa mitambo yetu inafanana kabisa, mielekeo hii miwili ndiyo mielekeo singula ya mfumo, na thamani singula zake ni ukubwa wa g(3) na ukubwa wa g(1) katika kila masafa. Mitambo isiyofanana ingekuwa na mielekeo iliyopinda kidogo, na hapo ndipo kompyuta inapohitajika.

Tukichora thamani singula za mtambo wenyewe kabla ya kufunga kitanzi, tunapata mistari miwili inayoanzia ukuzaji wa 1 na kuishia ukuzaji wa 2. Wa jumla hupanda mapema, wa tofauti huchelewa, na mahali inapoachana zaidi, mmoja ni mara 1.4 tu ya mwenzake. Mtu aliyezoea kusikia kwamba hatari ya mfumo wa njia nyingi huonekana mistari ikiachana sana atautazama mchoro huu na kusema hapa hapana shida. Mimi nauona ni mchoro unaodanganya. Thamani singula ni ukubwa tu, haina awamu. Ile tabia ya maji ya kupunguza kwanza, ambayo ndiyo inayoua kitanzi, haimo kwenye ukubwa. Imejificha kwenye awamu. Kwa hiyo mchoro wa mtambo hutuambia ukuzaji kwa kila mwelekeo, lakini ustahimilivu tuutafute kwenye mchoro wa kitanzi kilichofungwa.

Tufunge basi. Kila mtambo tuupe kidhibiti chake cha kujumlisha, 0.25/s, kinachosoma kosa la nguvu yake na kusukuma geti lake. Fundi amekirekebisha huku mtambo mwingine ukiwa umezimwa, kama inavyofanywa mara nyingi. Katika hali hiyo T ni 2. Kitanzi hiki hubaki imara mradi ukuzaji wa kidhibiti uwe chini ya 1/T, yaani 0.5, kwa hiyo fundi ana nafasi maradufu. Kilele cha unyeti S, yaani kiasi ambacho kitanzi hukuza usumbufu pale kinapoukuza zaidi, ni 2.25. Si kizuri sana, lakini kinavumilika. Akaenda mtambo wa pili, akapata vilevile, akasaini.

Kisha mitambo yote miwili ikawekwa kwenye udhibiti wa moja kwa moja. Hapo hakuna tena T ya 2. Iko 3 na iko 1. Hivi ndivyo unavyopata thamani singula za S katika masafa ya radiani 0.41 kwa sekunde kwa kutumia Octave, bila nyongeza yoyote:

```
w = 0.41;  s = 1i*w;
g = @(T) (1 - T*s)/(1 + 0.5*T*s);
a = (g(3) + g(1))/2;
b = (g(3) - g(1))/2;
G = [a b; b a];
S = inv(eye(2) + G*0.25/s);
[U, D, V] = svd(S)
```

Ndani ya `D` utaona 4.7 na 1.2. Yaani katika masafa yaleyale, kwenye kitanzi kilekile, usumbufu wa mwelekeo mmoja unakuzwa karibu mara tano na wa mwelekeo mwingine karibu hauguswi. Ni mwelekeo upi? Tazama safu ya kwanza ya `V`: namba zake mbili zina ukubwa sawa, 0.7071, na alama moja. Ni mwelekeo wa jumla. Alama zingepingana, ungekuwa wa tofauti. Alama ya safu nzima isikusumbue, inayohesabika ni uhusiano wa namba hizo mbili.

Rudia kwa masafa mengi na uchore. Mstari wa juu hupanda hadi 4.7, sawa na desibeli 13.4, kisha hushuka. Unaofuata chini yake una kilele cha 1.43 karibu na radiani 0.84. Hapa pana mtego niliowahi kunaswa nao mimi mwenyewe. Programu hupanga thamani kwa ukubwa, haizipangi kwa mwelekeo. Kwenye mfano wetu, katika radiani 1 kamili kwa sekunde, thamani zote mbili ni 1.41, na hapo zinapokezana. Chini ya masafa hayo mstari wa juu ni wa jumla, juu yake ni wa tofauti. Kwenye karatasi unaonekana ni mstari mmoja uliovunjika kidogo. Kila ukiona mvunjiko wa namna hiyo, soma `V` kushoto na kulia kwake kabla hujasema mstari ni wa nani.

Kilele cha 4.7 kina maana gani kwa ustahimilivu? Mwelekeo wa jumla unavumilia ukuzaji wa kidhibiti hadi 1/3, nasi tumeweka 0.25. Nafasi iliyobaki ni asilimia 33, si maradufu aliyoiona fundi. Mchoro wa kitanzi kizima kutoka agizo hadi nguvu una kilele cha 3.9 katika mwelekeo huohuo. Kigeuze, unapata takriban 0.26. Hiyo ni ahadi kwamba kosa la mfano lisilozidi asilimia 26, la umbo lolote na awamu yoyote, hata likichanganya mageti mawili, halitavunja uimara. Ahadi hiyo ni ya woga kuliko ile 33 kwa sababu inajilinda pia na makosa ya awamu ambayo huenda yasitokee.

Asilimia 33 si nyingi kwenye turbini. Uwiano wa megawati kwa kila asilimia ya geti haulingani kote. Geti likikaribia kufunguka lote, mchoro hulala, na katikati husimama zaidi. Kidhibiti kilichojaribiwa mzigo ukiwa mkubwa kinaweza kula nafasi yake yote mzigo ukirudi katikati.

Dalili ofisini ni hii: nguvu za mitambo miwili zinayumba kwa pamoja, na kila myumbo unachukua sekunde 15 hivi, maana radiani 0.41 kwa sekunde ni mzunguko wa sekunde 15. Chora jumla ya nguvu mbili, kisha chora tofauti yake. Jumla itayumba, tofauti itatulia. Ukizima udhibiti wa mtambo mmoja, myumbo hupungua, na hapo ndipo fundi hushawishika kulaumu ule aliouzima. Gavana ya mtambo huo ni nzima.

Kushusha vidhibiti vyote hadi 0.15 hurudisha kilele cha jumla kwenye 2.0, lakini mwelekeo wa tofauti, uliokuwa mzima, unafanywa mzito bure. Afadhali kila mwelekeo upewe stahili yake: 0.15 kwa jumla na 0.4 kwa tofauti. Ukirudi kwenye mageti, maana yake ni kwamba kila geti lisukumwe na 0.275 ya kosa lake lenyewe na kuondolewa 0.125 ya kosa la mwenzake. Vilele vinakuwa 2.0 na 1.84. Lakini mtambo mmoja ukisimama, kiungo hicho cha kukatiza kikatwe mara moja, la sivyo mtambo unaofanya kazi utaendeshwa na kosa la mtambo uliolala. Kikishakatwa, 0.275 iliyobaki inatoa kilele cha 2.5, nacho bado ni kikubwa. Kidhibiti kishushwe hadi 0.2 hivi.

Hesabu hii imechukulia kwamba maji ni kama gogo gumu na kwamba kidhibiti kinafuata nguvu, si masafa ya gridi. Kukiwa na kisima cha kupunguza mshtuko wa maji, handaki la juu ya kisima halihesabiwi ndani ya T. Linaleta myumbo wake wa polepole, na lichorwe peke yake.

Wenzangu mnaofanya kazi kwenye vituo, ombi langu ni moja. Mkirejea kazini, tafuteni kumbukumbu za siku ambayo mitambo yote miwili ilikuwa kwenye udhibiti wa moja kwa moja, mchore jumla na tofauti, na mlete michoro hiyo kwenye kikao kijacho kabla hatujagusa skrubu ya gavana yoyote.