Muziki Unasikika, Simu Kimya

Msikilizaji, umepanda matatu Thika kwenda Ruiru, na muziki wa YouTube unasikika vizuri kwenye vipokea sauti vyako vya masikioni. Unapigiwa kwa WhatsApp, na huko masikioni ni kimya. Usikimbilie kununua vingine. Kama muziki unasikika, spika zake ni nzima.

Bluetooth hupitisha muziki kwa njia moja na maongezi kwa nyingine. Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa alama iliyo kando ya jina la kifaa, uangalie kama Phone calls imewashwa. Media audio peke yake haitoshi.

Kisha, mkiwa bado mnaongea, gusa alama ya spika, chagua Bluetooth, na upandishe sauti papo hapo, kwani maongezi yana kipimo chake cha sauti, tofauti na cha muziki.

Bado kimya? Kuanzia Android 12 kuna ruhusa iitwayo Nearby devices. Ukiinyima WhatsApp, huenda isiweze kupeleka maongezi kwenye Bluetooth. Iruhusu, kisha upige upya.

Lakini spika ya Bluetooth isiyo na maikrofoni huenda isipokee maongezi kamwe. Uliza kabla ya kulipa.