Fomula ya Cornish na Fisher: Wapi Inafaa, Wapi Inapotosha

Hoja ya mada hii ni kwamba marekebisho ya Cornish na Fisher, yaliyochapishwa mwaka 1937, ni chombo kizuri cha kupimia hasara kubwa, mradi tuyakague kabla ya kuyaamini. Mgawanyo wa kawaida huchukulia kwamba faida na hasara zinalingana pande zote mbili, na kwamba siku mbaya kupita kiasi karibu hazitokei. Soko la hisa la Marekani lilikanusha hilo Oktoba 19, 1987, Dow Jones iliposhuka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Fomula hii huchukua z ya mgawanyo wa kawaida na kuirekebisha kwa mwegemeo (S) na ziada ya unene wa mikia (K):

```
w = z + (z²-1)S/6 + (z³-3z)K/24 - (2z³-5z)S²/36
```

Tuchukue mfuko wa shilingi milioni 100 wenye mchepuko wa asilimia 1 kwa siku, S ikiwa -0.5 na K ikiwa 3. Kwa kiwango cha asilimia 99, z ni -2.33. Mwegemeo unaongeza hasara kwa 0.37, mikia kwa 0.70, na kipengele cha mwisho kinarudisha 0.09. Jumla ni -3.30, hivyo thamani iliyo hatarini inapanda kutoka shilingi milioni 2.33 hadi 3.30. Lakini kwa asilimia 95 unene wa mikia unapunguza hasara kidogo, kwa kuwa ukubwa wa z hapo uko chini ya 1.73, mahali ambapo kipengele cha K hubadili alama. Anayetaka kuona mikia asiitafute kwenye asilimia 95.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie tu hasara zilizokwisha kutokea. Kwa siku 250, asilimia moja ni siku mbili na nusu tu, na makadirio yanayosimama juu ya siku hizo ni dhaifu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba S na K nazo hutawaliwa na siku chache. Hilo ni kweli kabisa. Katika siku 500, siku moja ya hasara ya michepuko kumi peke yake huifanya S iwe karibu -2 na K karibu 19, hata kama siku nyingine zote ni tulivu. Ukiziingiza namba hizo, z ya 0 inatoa 0.33 ilhali z ya -0.5 inatoa 0.59: matokeo mabaya zaidi yanaonekana bora kuliko ya katikati. Fomula imevunjika, ingawa kompyuta haitatoa onyo lolote. S ikiwa sifuri, mpaka wa K kabla ya fomula kuvunjika hivyo ni 8.

Kwa hiyo naomba kila ripoti ionyeshe S na K, ithibitishe kwamba w inapanda kila z inapopanda, na irudie hesabu bila ile siku mbaya kuliko zote. Jibu likibadilika sana, kamati ya hatari ielezwe hivyo waziwazi.