Kikokotoo: Milioni 36 Leo au 240,000 Kila Mwezi?

(Mada niliyoitoa kwa vijana, Kilwa Masoko)

Leo sina maneno mengi ya jukwaani, nimekuja na kalamu na karatasi. Mjomba wangu ni mwalimu, anakaribia kustaafu, na aliniuliza swali moja: "We mpwa, hivi hiki kikokotoo kinaniibia au kinanilinda?" Nikakaa nalo wiki nzima.

Tuchukue mwalimu wa mfano, hapa hapa Kilwa. Anastaafu na miaka 60, ametumikia miezi 348, na mshahara wake wa kukokotolea ni milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Kanuni ya sasa inagawa kwa 580. Kwa hiyo 348/580 ni 0.6, mara milioni 12, unapata pensheni kamili ya milioni 7.2 kwa mwaka, au 600,000 kwa mwezi.

Sasa hapati yote hiyo kila mwezi. Tangu bajeti ya 2024/25, aliyetoka kwenye mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF anachukua asilimia 40 kama mkupuo. Maana yake anaachia 240,000 kila mwezi, anabaki na 360,000. Ile aliyoiachia inazidishwa kwa 12.5: milioni 2.88 kwa mwaka mara 12.5 ni milioni 36 mkononi.

Je, biashara hii ni halali? Ukigawa milioni 36 kwa 240,000 unapata miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Wengi wanaishia hapo: ukifa kabla ya miaka 72 na nusu, mkupuo umekulipa, ukizidi, umepunjwa. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba shilingi ya mwaka 2040 ni sawa na ya leo. Si kweli. Pesa ya leo inaweza kuzaa.

Hapo ndipo inakuja thamani ya sasa ya malipo ya kila mwezi:

```
PV = P × [1 − (1 + i)^(−n)] / i
```

P ni malipo ya mwezi, i ni riba ya mwezi, n ni idadi ya miezi. Tuseme riba ni asilimia 5 kwa mwaka. Zile 240,000 zinafikia thamani ya milioni 36 baada ya miezi 236 hivi, yaani mstaafu akiwa na karibu miaka 80. Ikiwa riba ni asilimia 8, hazifikii kamwe! Angalia: asilimia 8 ya milioni 36 ni milioni 2.88 kwa mwaka, ndiyo ile ile 240,000 kwa mwezi, na milioni 36 yako bado ipo. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 12.

Ila tusidanganyane. Hesabu hiyo ni ya mkupuo uliowekezwa. Milioni 36 ikiisha kwenye nyumba isiyoisha Nangurukuru, au boti iliyokosa injini Kivinje, riba yake ni sifuri. Pia pensheni ikiwa inapandishwa kulingana na bei za vitu, lazima utoe mfumuko wa bei kwenye riba kabla ya kukokotoa, na hapo malipo ya mwezi yanapata nguvu. Mafao ya warithi nimeyaacha nje.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Watu wanapigana juu ya asilimia: 50, 33, 40. Asilimia pekee inahamisha tu pesa kati ya mkupuo na mwezi. Kilichobadilika kimya kimya ni kile kigawanyo na kile kizidisho. Kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF iligawa kwa 540, ikazidisha kwa 15.5, na kutoa nusu. Mwalimu yule yule angepata mkupuo wa milioni 59.9 na pensheni ya 322,222 kwa mwezi.

Linganisheni. Leo anapata 37,778 zaidi kila mwezi, lakini amekosa milioni 23.9 za mkupuo. Hata bila riba yoyote, inahitaji miezi 633 kuzirudisha. Ni miaka 52 na ushee. Mwalimu atakuwa na miaka 112!

Tuseme haki pia: waliotoka mifuko mingine walikuwa na mkupuo wa asilimia 25, wao asilimia imepanda. Na mfuko lazima uwe na pesa ya kulipa. Hiyo ni hoja ya kujadili mezani. Lakini mtu akikwambia "tumepunguza mkupuo ili mwezi upande", mwombe aandike 540, 580, 15.5 na 12.5 kwenye karatasi moja.

Mjomba nilimjibu hivi: kwenye asilimia hujaibiwa, kwenye kizidisho na kigawanyo ndipo pesa ilipotoka. Alinyamaza, kisha akaomba ile karatasi abaki nayo.